Ripoti ya saiti Goba, Jumamosi 14 Februari 2026

Dada shikamoo, pole na majukumu. Leo asubuhi nimepita saiti, fundi mkuu na vijana wake walikuwepo.

Kazi inaenda. Slabu iliyomwagwa tarehe 31 Januari imekaa vizuri, chini sijaona ufa, na walau maji wameimwagilia. Kuta za chini zimefika kwenye lenta zote isipokuwa stoo, na tofali za juu zimeshashushwa. Mirunda isiguswe mpaka tarehe 21, siku 21 zitimie, maana nimekuta kijana ameshaanza kuchomoa miwili ya upande wa jiko eti anataka mbao za lenta, nimemwambia airudishe mbele yangu.

Sasa matatizo. Kubwa ni nguzo ya pembeni ya ngazi, pale chini kama sentimita 30 hivi zege halikushindiliwa, kokoto zimebaki tupu, nimechokonoa na msumari ukazama mpaka ukagonga nondo. Walikuwa wanajiandaa kuipaka plasta, nimewazuia. Plasta itaficha tu, unyevu utaingia nondo ishike kutu na nguzo hiyo ndiyo imebeba bimu ya sebuleni. Injinia aje aione kwanza aseme inagongwa na kujazwa au vipi, mpaka hapo hakuna tofali hata moja juu ya bimu hiyo.

La pili, slabu ya bafu la masta ilitakiwa ishuke sentimita 5 kama mchoro ulivyosema, wao wamemwaga flati. Fundi anataka aichimbe, mimi nimekataa, atafikia nondo. Dirisha la jiko nalo limepungua upana lakini hilo dogo, kesho wanabomoa tofali za pembeni, gharama kwao.

Naomba majibu yako haya:

Bafu: tunyanyue sakafu uwe unapanda kistepu cha sentimita 10 mlangoni, au mabomba yapite chini ya slabu tufiche kwa jipsam ya sebuleni? Mimi naona kistepu, bomba likivuja juu ya makochi yako utanikumbuka. Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi, fundi bomba anakuja.

Paa: bado unataka lile la kuficha bati? Linapendeza sikatai, ila gata zake zikiziba majani maji yanarudi ndani, na pale una mwembe wa jirani. Ukiling'ang'ania sawa, nitaongeza upana wa gata na matundu ya dharura ukutani, ila kuta za juu zitaongezeka kozi nne na bajeti ipande. Hii inaweza kusubiri mwisho wa mwezi, lakini tukivuka hapo masika inatukuta wazi.

Tenki: lita 5000 linakaa wapi, mnara wa nyuma au juu ya slabu ya ngazi? Ukisema juu ya ngazi injinia apige hesabu upya, na nguzo yenyewe ndiyo hiyo mbovu, kwa hiyo mimi ningeenda na mnara.

Malipo ya awamu hii usitume yote, shikilia ya nguzo mpaka injinia asaini. Picha nakutumia wasapu jioni hii.