Nyumba ya ujumbe ya viungo vyetu: shehia na mwezi

Waraka wa ndani, Wete. Unawahusu wauzaji wa dukani, wapimaji wa ghala, wanaosaga na kupakia, dereva, msimamizi wa mauzo Unguja, na yeyote anayeshika simu ya kazi. Unaanza kutumika mwanzo wa Rajabu, kabla wateja wa Ramadhani hawajaanza kuingia.

Hivi sasa dukani tunasema "viungo vya Pemba, bora kabisa". Mahoteli ya Unguja yanaambiwa "mzigo upo mwaka mzima". Mkulima anaambiwa "lete tu, tutaangalia". Kila kauli ikisimama peke yake haina ubaya, lakini zikikutana zinagombana. Na zitakutana. Mkulima wa Mtambwe ana mtoto anayepika hotelini Nungwi, na mashoga wa wapakiaji wetu ndio wanaonunua bizari kaunta. Maneno si lazima yafanane, ila jambo linalosemwa liwe moja. Ndiyo maana tumelipanga kama nyumba: paa ni ahadi, nguzo zinaibeba, na msingi ni ushahidi.

Paa: ahadi yetu

Ukinunua kwetu, unajua kiungo chako kimetoka shehia gani na kimevunwa mwezi gani.

Basi. Neno "bora" tumeliacha makusudi, maana kila muuza viungo Darajani analo na hakuna anayeweza kulihakikisha. Ahadi hii mtu anaweza kuihakiki, na tukiivunja inaweza kutuaibisha. Ndiyo sababu tumeichagua.

Nguzo tatu zinazoibeba

Hatuchanganyi. Pilipili manga ya Pandani haitiwi polo moja na ya Kangagani, na ya msimu uliopita haichanganywi na mpya ili imalizike. Kila mzigo una namba yake tangu unaposhuka kwenye gari hadi unapofungwa pakitini.

Tunapima mbele ya mwenye mali. Mizani imewekwa uani, uso wake ukimtazama mkulima. Uzito unasomwa kwa sauti, unaandikwa, na mkulima anaondoka na karatasi yenye namba ya mzigo wake.

Kisichokauka hakipakiwi. Pilipili manga inapita kwenye kipima unyevu, na ikizidi asilimia 12 inarudi juani. Manjano yaliyochemshwa na kukatwa yakauke hadi yakivunjwa yatoe mlio. Mdalasini ndio mtihani mkubwa: gome lake huchunika vizuri wakati wa mvua, ndio wakati huohuo kukausha kunakuwa shida, nao unataka kivuli chenye upepo, si jua kali. Kwa hiyo wa masika utachelewa. Tuseme utachelewa.

Msingi: ushahidi

Tunavyo vitu vinne: daftari la ghala, nakala za karatasi za mizani, ubao wa bei, na kipima unyevu. Mteja au mkulima akiuliza "nitajuaje?", usiape. Fungua daftari umwonyeshe. Kama jambo halimo kwenye daftari, basi hatulisemi, hata kama sote tunalijua.

Bei: mahali nyumba inapoweza kupasuka

Hapa naomba tusome polepole. Mteja anataka kusikia "rahisi", mkulima anataka kusikia "tunalipa vizuri", na mfanyakazi akisikia yote mawili anajiuliza tofauti inatoka mfukoni mwa nani. Huwezi kuwapa watu watatu majibu matatu kuhusu fedha ileile.

Kwa hiyo kauli ya bei ni moja kwa wote: *bei ya kununulia imeandikwa kwenye ubao siku ya kupima, na bei ya kuuzia imeandikwa kwenye pakiti.* Hatusemi sisi ni rahisi kuliko wengine. Hatusemi tunalipa kuliko wengine. Mkulima akisema "mnauza pakiti kwa bei kubwa kuliko mlivyoninunulia", asibishiwe wala asichekwe. Aambiwe kinachoongezeka katikati: uzito unaopungua katika kukausha na kuchambua, usagaji, pakiti, nauli ya boti, na mishahara ya watu anaowaona mbele yake. Mteja akisema "sokoni nimeona nusu ya bei hii", jibu ni hili: "Inawezekana, mama. Muulize imetoka wapi na lini. Akikwambia, na ukiridhika, nunua." Nimesikia wauzaji wetu wakiwatuhumu wengine kwamba pilipili yao imetiwa mbegu za papai. Hila hiyo ipo na ni ya zamani, lakini hatujapima mali ya jirani yeyote, basi tusimtaje.

Ubao ukibadilika, msimamizi wa mauzo na muuzaji wa dukani wapewe habari siku hiyohiyo. Asije mkulima kujua bei mpya kabla ya aliye kaunta.

Kwa wateja

Anayepika nyumbani hahitaji hotuba. Mkabidhi pakiti, mwonyeshe mstari wa chini. Ukiacha bei, maneno ya pakiti ni haya, na yasiongezwe kitu:

*Pilipili manga nzima. Gramu 100. Imetoka: Shehia ya Pandani, Wete, Pemba. Imevunwa: Novemba. Mzigo namba 14. Ukitaka kujua zaidi, tupigie ututajie namba ya mzigo.*

Pakiti ya unga ina mstari mmoja zaidi, mwezi wa kusagwa, kwa sababu kiungo kikishasagwa harufu yake huondoka upesi. Kaunta tuseme hivi: "Dada, hii imesagwa mwezi huu. Kama utakaa nayo muda mrefu, chukua nzima, usage mwenyewe kidogokidogo." Ndiyo, tutauza unga mchache zaidi. Hata hivyo mteja aliyejua mwezi wa kuvunwa ataanza kuuliza mwezi wa kusagwa, na ni afadhali ausikie kwetu kwanza.

Mahoteli na maduka ya Mji Mkongwe wanataka uhakika wa mzigo. Kauli ya "upo mwaka mzima" inakufa leo. Ujumbe wa msimamizi wa mauzo ni huu:

*Habari za kazi. Masika inaanza Machi, na mvua ikikaza tunapunguza kupakia kwa sababu hatufungi kisichokauka. Tunaomba oda yenu ya miezi ya Machi hadi Mei mapema, tuwawekee mzigo uliovunwa na kukaushwa kabla ya mvua. Kila katoni itakuja na orodha ya shehia na mwezi wa kuvunwa, mpishi wenu aweze kuwaeleza wageni. Tukiishiwa, tutawaambia tumeishiwa. Hatutajaza kwa mzigo wa kununua barabarani.*

Sentensi ya mwisho iliwatia hofu baadhi yetu tulipokaa kuijadili. Naitetea. Mpishi aliyeambiwa "hakuna" wiki tatu kabla hupanga mambo yake. Aliyeletewa kitu kingine ndani ya pakiti yetu hanunui tena kwetu.

Watalii wanaopita dukani wataulizia karafuu kwa wingi. Wajibiwe kwa heshima kwamba karafuu za mkulima hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na sisi hatukusanyi karafuu mashambani. Kisha waonyeshwe tulicho nacho.

Kwa wafanyakazi

Ahadi ileile, upande wa ndani: *kila namba unayoandika ni neno lako kwa mtu atakayekula.* Mpakiaji ndiye wa mwisho kukiona kiungo kabla ya mteja. Akikuta polo halina namba, anasimamisha kazi, haulizi ruhusa, na hakatwi kitu kwa muda uliopotea. Hili la kutokatwa limekubaliwa na liko kwenye daftari la mishahara, kwa hiyo nalo ni ushahidi. Haiwezekani tuwaambie wateja hatuchanganyi huku tukimlipa mtu kwa haraka tu.

Asubuhi ya siku ya kupima msimamizi wa ghala aseme mambo mawili: leo tunapokea kutoka shehia zipi, na leo tunapakia namba zipi. Mkutano hauhitaji zaidi ya hapo. Mfanyakazi akiulizwa mtaani "kwenu mambo vipi?", anaruhusiwa kusema lolote lililo kwenye ubao na kwenye pakiti. Majina ya wakulima na kiasi walicholipwa vinabaki ghalani. Pakiti inataja shehia, haimtaji mtu.

Kwa wakulima

Hawa ndio walioshika shina la ahadi, na ndio tuliowaeleza kidogo kuliko wote. Ujumbe wa sauti utumwe kwa simu kabla ya siku ya kupima, na usomwe pia na sheha akiridhia:

*Assalaam alaykum wazee wetu, mama zetu na vijana. Jumamosi inshallah tunapima ghalani Wete kuanzia saa mbili asubuhi. Bei iko kwenye ubao, na hutalipwa chini ya ubao. Njoo na mzigo wako mwenyewe, wa shamba lako, na utuambie mwezi uliovuna, kwa sababu shehia yako na mwezi huo vitaandikwa kwenye pakiti. Pilipili itapimwa unyevu mbele yako. Isipokauka, hatuikatai moja kwa moja: tunakuazima jamvi na nafasi uani, ukaushe, upimiwe tena. Ukishapimwa unalipwa siku hiyo, taslimu au kwa simu. Usiongeze mzigo wa jirani kwenye polo lako. Yeye naye aje, apewe namba yake.*

Mpimaji asimwambie mzee "mzigo wako mbaya". Aseme, "Mzee, kipimo kinasoma 15, tunahitaji 12. Tuutandaze?" Namba ndiyo imekataa, mtu hajamkataa mtu.

Tusiyoyasema

"Kilimo hai": wakulima wetu wengi hawatii dawa, lakini hatuna cheti, basi neno hilo halitoki. "Dawa ya sukari", "dawa ya presha" na mengine ya tiba: sisi tunauza vya kupikia. "Viungo safi kuliko vyote Zanzibar": nani alivipima vyote?

Ahadi ikivunjika

Mteja akirudisha pakiti, muuzaji asitoe maelezo ya kubuni. Asome namba ya mzigo, arudishe fedha, ampigie msimamizi wa ghala. Ghala lina hadi kesho yake saa sita mchana kujibu mzigo huo ulipokewa lini, ulisoma unyevu kiasi gani, na pakiti ngapi bado ziko madukani. Kosa likiwa letu, namba hiyo inaondolewa rafu zote, Wete na Unguja, na mahoteli yaliyopokea yanapigiwa siku hiyo na msimamizi wa mauzo, si kusubiri waulize. Mkulima wa mzigo huo naye aambiwe kilichotokea, kwa faragha, kabla hajakisikia kwa watu. Kama alipimwa sawasawa na mali ikaharibikia kwetu, aambiwe hivyo waziwazi, na fedha yake haiguswi.

Nakala moja ibandikwe ghalani, moja kaunta, moja iwe kwenye gari. Ya ghalani isibandikwe juu ya ubao wa bei.