Mililita ishirini na tano

Foleni ilipopungua, Rehema alichukua chupa ya pili ya amoksilini ya watoto ili aiandae kwa mgonjwa aliyefuata. Aliigongesha kwenye kiganja mpaka unga ukaachia pembeni, akatia maji nusu ya kipimo, akatikisa, akaiweka mezani povu litulie. Wakati anasubiri akavuta lebo, akaanza kuijaza: jina la mtoto, jina la dawa, 125 mg kwa kila 5 ml, mililita tano mara tatu kwa siku kwa siku tano. Alipofika kwenye mstari ulioandikwa "Mwisho wa matumizi", jicho lake likaenda lenyewe kwenye chupa, palipopigwa chapa 08/2027. Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama.

Hiyo ilikuwa tarehe ya unga ambao haujaguswa na maji. Ukishachanganywa, dawa ile ilikuwa na siku saba tu, na kikaratasi cha ndani ya boksi kilisema hivyo hivyo. Leo ni tarehe 12 Machi, kwa hiyo pale palitakiwa kuandikwa 19 Machi. Akaandika 19 Machi.

Halafu akaikumbuka chupa ya kwanza.

Chupa ile ilishaondoka kama saa nzima iliyopita, mkononi mwa mama mmoja kijana aliyembeba mtoto wa miezi tisa mgongoni. Rehema hakuhitaji kubahatisha alichoandika. Alijua kabisa. Alikuwa katikati ya kuandika akaitwa dirishani kumsaidia mzee aliyekuwa hasikii vizuri, aliporudi akamalizia lebo haraka haraka kwa kuitazama chupa, akaibandika.

Akajiambia kwamba si kitu. Dozi ni sahihi, dawa ni sahihi, mtoto ni yule yule. Dawa ni ya siku tano, na ndani ya siku tano haiwezi kuharibika. Hata wakisoma hiyo 08/2027, mtoto atakuwa ameshamaliza. Nani atajua? Ilikuwa hoja nzuri, na ingemtosha kama asingekuwa na mazoea ya kupiga hesabu kila anapoona namba. Mililita 5 mara 3 ni 15 kwa siku. Kwa siku tano ni 75. Chupa ni ya mililita 100.

Zinabaki mililita 25.

Hizo 25 ndizo zilizomkosesha amani. Mtoto akipona, chupa haitupwi, maana dawa ni dawa na watu hawapendi kutupa. Itawekwa juu ya kabati. Baada ya miezi miwili mtoto atakohoa tena, mama atashusha chupa, atasoma lebo yenye mwandiko wa famasi, ataona bado ina mwaka na zaidi, atampa. Amoksilini ni jamii ya penisilini. Ikishakaa ndani ya maji huanza kuvunjika kidogo kidogo, na hakuna anayeweza kuliona hilo kwa macho. Mtoto angepewa kitu chenye harufu ile ile ya matunda lakini nguvu yake imepungua. Kama ni nimonia, huko ni kupoteza siku ambazo mtoto mchanga hana za kupoteza.

Bi. Mwanaidi, mfamasia aliyekuwa anamsimamia, alikuwa stoo anahesabu maboksi. Ndiye aliyeshika kitabu cha tathmini cha mafunzo kwa vitendo, na kipengele cha kuandaa dawa za maji kilikuwa kinafungwa wiki hiyo. Rehema alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Samahani, Bi. Mwanaidi. Nimekosea lebo. Dawa imeshatoka."

Bi. Mwanaidi aliweka boksi chini. "Mtoto au mtu mzima?"

"Mtoto. Miezi tisa. Amoksilini. Dozi iko sawa, dawa iko sawa. Tarehe ya mwisho nimeandika ya kwenye chupa badala ya siku saba."

"Dozi iko sawa, una hakika au unatumaini?"

Rehema alifungua mdomo, akaufunga. "Nikaangalie cheti."

Wakaenda pamoja. Cheti kilikuwa bado kwenye klipu, dozi ilikuwa imeandikwa vizuri, na kwenye rejista palikuwa na namba ya simu. Mpaka hapo Bi. Mwanaidi hakuwa ameuliza kwa nini, wala hakuwa amepandisha sauti. Jambo hilo lilimtisha Rehema kuliko kukemewa, kwa sababu alikuwa ameshajiandalia majibu ya kukemewa.

"Piga wewe," Bi. Mwanaidi alisema. "Mimi nipo hapa. Usianze na maelezo marefu, mama wa mtoto mgonjwa akiona simu ya famasi moyo unaruka. Mwambie kwanza mtoto hana hatari."

Simu haikupatikana. Akahudumia wagonjwa wawili, akapiga tena, ikaita.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka famasi mlikochukua dawa ya mtoto leo. Mtoto yuko salama na dawa aliyopewa ndiyo yenyewe, usiwe na wasiwasi. Kuna sehemu moja ya lebo niliandika vibaya, naomba turekebishe. Chupa iko karibu?"

Kimya kidogo, kisha milango ikasikika. "Ninayo."

"Naomba unisomee ilivyoandikwa, mwanzo mpaka mwisho."

Mama akasoma polepole. Alipofika kwenye tarehe Rehema akamweleza: hiyo si sahihi, aikate kwa kalamu aandike 19 Machi, ampe mtoto kwa siku tano zote hata akichangamka mapema, na itakayobaki asiitunze, airudishe famasi.

"Kumbe!" mama akasema. "Mimi nilishafurahi kwamba itabaki, nikasema hii nitaiweka akiba."

Bi. Mwanaidi, aliyekuwa anasikiliza kwa spika, akaandika kitu kwenye karatasi akamsogezea Rehema: *Muulize anapima na nini.*

"Na hiyo mililita tano, mama, unapimia nini?"

"Kijiko. Si nimeambiwa kijiko kimoja?"

"Kijiko kipi?"

"Hiki cha nyumbani. Kikubwa kidogo, lakini sikijazi sana."

Rehema akamtazama msimamizi wake. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama atumie kijiko cha nyumbani, lakini pia hakuna aliyempa sirinji ya kupimia wala kumwonyesha mstari wa tano. Kwenye cheti kulikuwa na mililita, kwenye lebo kulikuwa na mililita, na dirishani ilisemwa "kijiko kimoja" kwa sababu ndivyo inavyosemwa kila siku. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kuna kinachobeba chini ya tano na kuna kinachobeba mara mbili yake. Mama akasema mdogo wake anapita njia hiyo jioni. Akaahidiwa sirinji bila malipo, na Rehema akabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mstari wa 5 ili hata anayempima mtoto usiku kwenye mwanga hafifu asikosee.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kitabu cha matukio. Rehema alidhani hiyo itakuwa rahisi. Aliandika mistari minne: tarehe, dawa, kosa, na kwamba yeye Rehema hakuwa makini, anaomba radhi, haitajirudia.

Bi. Mwanaidi alisoma akakirudisha. "Mbona hukuandika kwamba uliitwa dirishani ukiwa katikati ya lebo?"

"Niliona nitaonekana najitetea."

"Na foleni?"

"Hiyo pia."

"Sasa mtu akisoma hapa mwakani atarekebisha nini? Atakachokuta ni kwamba kulikuwa na Rehema mmoja asiye makini. Wewe utakuwa umeshaondoka, na kosa litabaki." Alivuta kiti akakaa. "Kuomba radhi kumeshapita, umefanya vizuri kumpigia mama. Hapa nataka picha. Uliposimamisha kalamu, lebo ilikuwa imejazwa mpaka wapi? Uliporudi, ulianza kuangalia nini?"

Ikawachukua muda kuliko kosa lenyewe. Walipoipanga hatua kwa hatua, mambo yakaanza kujionyesha. Lebo ya famasi ile ilikuwa na mstari mmoja tu, "Mwisho wa matumizi", uliotumika kwa vidonge na kwa dawa za kuchanganya. Kwa vidonge, tarehe ya kwenye pakiti ndiyo sahihi. Mkono uliojaza lebo za vidonge asubuhi nzima unajaza ya dawa ya maji kwa mazoea yale yale. Juu ya hapo, mtu anayehakiki kabla dawa haijatoka alikuwa analinganisha lebo na chupa, na siku hiyo lebo na chupa zilikubaliana kabisa: 08/2027 hapa, 08/2027 pale. Kwa hiyo uhakiki ulilipitisha kosa.

"Nani alihakiki?" Rehema aliuliza, ingawa alikuwa anakumbuka.

"Mimi," alisema Bi. Mwanaidi. "Liandike na hilo."

Rehema akaliandika, mkono ukiwa mzito.

Kabla ya kufunga walikubaliana mambo matatu. Anayetia maji kwenye chupa ataandika tarehe ya kuchanganya na ya kutupa kwa kalamu ya wino mzito juu ya chupa yenyewe, kabla hajagusa lebo. Na anayehakiki ataitazama kalenda, siyo chupa peke yake. Sirinji zitawekwa kwenye trei moja na dawa za watoto, siyo kwenye droo. Hili la tatu lilitokana na simu, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko yote, maana hakuna lebo inayoweza kumwokoa mtoto na kijiko kikubwa.

Ijumaa kitabu cha tathmini kilirudi. Kwenye kipengele cha kuandaa dawa za maji Bi. Mwanaidi alikuwa ameandika "Bado anahitaji usimamizi", na pembeni: arudie chupa kumi akihakikiwa moja moja. Kwenye kipengele cha usalama wa mgonjwa aliandika kwamba mwanafunzi alitoa taarifa mwenyewe ndani ya saa mbili. Alama ya kwanza haikupandishwa kwa ajili ya ya pili. Rehema alizisoma zote mbili mara kadhaa, na kusema kweli ile ya kwanza ilimuuma.

Baraka, mwanafunzi mwenzake, alichungulia juu ya bega lake. "Tarehe tu? Mbona ni kitu kidogo. Ungekaa kimya ungepata 'Amemudu' kama mimi."

"Ningepata," Rehema alisema. "Hebu tuone chupa yako hiyo. Maji umetia saa ngapi, na tarehe yake iko wapi?"

Baraka aliigeuza chupa upande mmoja, akaigeuza wa pili, kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu.