Lekcha ya 4: Ateri za koronari, nani anamlisha nani na ikizibika nini kinakufa

Mwaka wa tatu, Alhamisi saa 2 asubuhi, dakika 50 halafu tunaingia maabara. Kila kikundi cha watu watano kije na moyo mmoja wa ng'ombe kutoka buchani, mwambieni muuza nyama asiukatekate na awaachie kipande cha aota juu, bila hicho kipande hamtaona matundu ya koronari na tutakuwa tumepoteza hela bure.

1. Kwa nini tunaanza na mifereji (dk 5)

Wengi mnakariri lidi za ECG kama namba za simu, mtihani ukiisha zimepotea. Msianzie huko. Anzia kwenye mifereji ya moyo: kuna mmoja unaozunguka kati ya atria na ventrikali kama mkanda, na miwili inayoshuka, wa mbele na wa nyuma, juu ya ukuta wa kati. Ateri zinalala humo. Ukijua mfereji unajua jirani, ukijua jirani unajua nani atalia njaa ateri ikiziba.

Jambo lingine: ateri za koronari zinaungana kidogo lakini kikazi ni za mwisho. Njia za panya zipo, ila ni nyembamba, na donge likiziba ghafla hazitoshi. Mgonjwa aliyekuwa akiziba polepole kwa miaka anaweza kuwa amezipanua, ndiyo maana utakuta mzee ateri imefungwa kabisa na ukuta wake bado unacheza.

2. Zinapoanzia (dk 5)

Matundu mawili kwenye mzizi wa aota, juu tu ya vali: la kulia linatoa RCA, la kushoto linatoa shina la kushoto. Ventrikali ya kushoto inalishwa zaidi wakati wa diastoli, maana kwenye sistoli msuli unaibana mishipa yake wenyewe. Kwa hiyo moyo ukienda mbio sana unakula kidogo na kufanya kazi nyingi.

Shina la kushoto ni fupi, sentimita moja au mbili hivi, linapita nyuma ya shina la ateri ya mapafu halafu linagawanyika: LAD inashuka mbele, LCx inazunguka kushoto. Wengine wana tawi la tatu katikati. Shina likiziba unapoteza sehemu kubwa ya ventrikali ya kushoto kwa mpigo, shoki na kifo. Kwenye ECG ST ikishuka kwenye lidi nyingi na aVR imepanda, fikiria shina au ateri kadhaa kwa pamoja, usikae kusubiri.

3. LAD (dk 12)

Mfereji wa mbele, inashuka hadi ncha ya moyo, mara nyingi inaizunguka ncha kidogo. Matawi ni ya aina mbili: yanayozama kwenye ukuta wa kati (yanalisha theluthi mbili za mbele) na yanayokwenda ukuta wa mbele kwa pembeni, diagonali.

Ikiziba: ukuta wa mbele, sehemu kubwa ya ukuta wa kati, na ncha. V1–V2 ukuta wa kati, V3–V4 mbele, na kama imeziba juu kabla ya diagonali ya kwanza, I na aVL nazo zinapanda. Haya ndiyo mengine ya kuandika:
- pampu inashindwa, mapafu yanajaa maji
- ncha haisogei, damu inatuama, donge linajengeka, linaruka kwenda ubongoni
- matawi ya umeme yanapita humo humo kwenye ukuta wa kati, kwa hiyo bloku ya tawi la kulia, na bloku kamili ikitokea hapa ni habari mbaya kwa sababu ina maana msuli mwingi umekufa.

4. LCx (dk 6)

Inazunguka kwenye mkanda upande wa kushoto, inatoa marginali. Inalisha pembeni na nyuma-pembeni: I, aVL, V5, V6. Hii ndiyo inayodanganya watu, ECG ya kawaida inaweza kukaa kimya kabisa. Ukiona V1–V3 ST imeshuka na R ndefu, usiseme tu ni iskemia ya mbele, bandika V7–V9 mgongoni uangalie, huenda ukuta wa nyuma ndio unakufa.

5. RCA (dk 12)

Mkanda upande wa kulia. Njiani inalisha nodi ya SA (karibu 60% ya watu), ventrikali ya kulia, halafu kwa walio wengi inamalizia na ateri ya mfereji wa nyuma na tawi la nodi ya AV. Ikiziba: II, III, aVF, na III ikiwa juu kuliko II inazidi kuelekeza kwa RCA. Mapigo yanapungua, bloku ya AV, ila hapa bloku mara nyingi inapita na atropini inasaidia. Linganisheni na ile ya LAD, swali hili halikosi.

Sasa ventrikali ya kulia. Nikiwa intani hospitali moja nilimpa mama mmoja nitrogliserini chini ya ulimi, presha ilikuwa 100, maumivu ya kifua, II, III, aVF zimepanda, nikajiona nimefanya kazi nzuri, dakika tano presha 60. Mishipa ya shingo ilikuwa imejaa na mapafu yako safi, ishara zote zilikuwepo mbele yangu. Ventrikali ya kulia iliyougua inategemea damu inayorudi, na nitrogliserini inaipunguza hiyo damu. Tukampa maji kwenye mshipa, akarudi. Toka siku hiyo, kila infarksheni ya chini, lidi ya V4R kwanza.

Na msuli wa papilari wa nyuma-kati: mara nyingi unalishwa na ateri moja tu, ile ya mfereji wa nyuma, wakati wa mbele-pembeni una mbili (LAD na LCx). Kwa hiyo unaochanika zaidi ni huo wa nyuma, na vali ya mitrali inavuja ghafla.

6. Mbabe ni nani? (dk 7)

Mbabe ni anayetoa ateri ya mfereji wa nyuma. Kwa binadamu RCA inashinda kwa takriban 80–85%, wengine LCx, wengine wanagawana. Mioyo yenu ya ng'ombe itawachanganya, kwa ng'ombe na mbuzi mbabe ni wa kushoto, fuateni LCx mpaka nyuma mtaiona inashuka. Wa nguruwe unafanana zaidi na wetu, kikundi kinachotaka kilete, kisichotaka hakuna shida.

7. Saa inavyokwenda (dk 3)

Reimer na Jennings walionyesha kwa mbwa mwaka 1977 kwamba kifo kinaanzia ndani, chini ya endokadiamu, kinasambaa kwenda nje. Baada ya dakika 20 hadi 40 za kuziba kabisa sehemu ya msuli hairudi tena.

Kazi ya Jumatatu

Boda wa miaka 52 kutoka Mukono, kifua kimembana tangu alfajiri, mapigo 44, presha 85 kwa 50, mishipa ya shingo imejaa, mapafu safi, II, III, aVF juu. Chora moyo, weka alama palipoziba (juu au chini ya tawi la ventrikali ya kulia?), andika utampa nini kwanza na nini hutampa. Ukurasa mmoja, kwa mkono.