Mikao ya Wanyama: Moduli ya Msawazo, Kunyoosha Viungo na Pumzi kwa Darasa la Kwanza na la Pili

Moduli hii ni ya watoto wa miaka 6 hadi 8. Ina vipindi 8 vya dakika 25, viwili kila wiki, na imepangwa kwa darasa la wanafunzi 36 wanaofanyia mazoezi ukumbini au kwenye nyasi. Watoto huvua viatu na soksi. Kila mmoja huwa na mkeka au eneo lake, na kabla ya kuanza hutandaza mikono pande zote ahakikishe hamgusi jirani. Mwalimu anahitaji kengele ndogo na vipande 6 vya karatasi nyekundu vilivyobandikwa ukutani kwa kimo cha macho ya watoto. Kwenye nyasi, chagua vitu visivyotikisika kama vile mawe au mashina ya miti.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Katika moduli hii hatuhesabu sekunde, tunahesabu pumzi. Mtoto akiambiwa asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, hukaza mabega, hubana pumzi na kung'ang'ania hadi aanguke. Akiambiwa asimame kwa pumzi tatu, inambidi apumue ili amalize, na mwili unaopumua hulegea mahali panapotakiwa kulegea. Kwa sababu hiyo hiyo hapana mashindano. Usimtangaze aliyesimama muda mrefu kuliko wenzake, hata kama darasa linakuomba.

Pumzi yetu ni moja kwa mikao yote: kuvuta kwa pua kwa hesabu ya tatu, kushusha kwa hesabu ya nne. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza tunapoishusha, ndiyo maana mshusho unakuwa mrefu. Usiwaagize watoto wabane pumzi. Mwenye mafua apumue kwa mdomo, na anayeona hesabu ni ndefu apunguze bila kuomba ruhusa.

Waulize wazazi mapema kuhusu pumu, maumivu ya masikio, kizunguzungu na majeraha ya karibuni. Sikio la ndani ni moja ya vitu vitatu vinavyotuwezesha kusimama imara, pamoja na macho na hisia zinazotoka kwenye misuli na viungo. Mtoto anayeumwa sikio anaweza kuyumba sana siku hiyo, na huo si uzembe.

Usimsukume mtoto ili ainame zaidi, wala usimruhusu mwenzake amkalie mgongoni. Mvutano mwepesi ni sawa. Maumivu ni ishara ya kuacha. Wapo pia watoto wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi. Hao husifiwa sana, kumbe ndio wanaohitaji kuangaliwa zaidi: waambie walegeze magoti kidogo, wasiyafunge kwa nyuma.

Kipindi cha 1: Kobe na mvua

Watoto wakae mikekani. Piga kengele mara moja, na wasikilize mlio mpaka uishe kabisa. Kisha soma polepole, ukisubiri kila palipo na mabano.

Paukwa! (Pakawa!)

Hapo zamani kobe alifunga safari kwenda kumtembelea shangazi yake aliyeishi nyuma ya kilima. Alitembea hatua moja, akapumzika. Hatua nyingine, akapumzika. (Watoto watambae kwa mikono na magoti, hatua nne tu.) Mara wingu jeusi likatanda. Tone la kwanza likamdondokea puani. La pili likamdondokea shingoni. Sungura akapita mbio akipiga kelele, "Kobe, kimbia, utalowa!"

Kobe akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Mimi nimeshafika nyumbani." Akaingiza miguu, akaingiza kichwa. (Wakalie visigino, walaze kifua juu ya mapaja, paji la uso liguse mkeka, mikono ielekee nyuma kando ya miguu.)

Mle ndani palikuwa na giza na joto. Mvua ikapiga: ta, ta, ta. Kobe akavuta pumzi, moja, mbili, tatu. Akaishusha, moja, mbili, tatu, nne. (Rudieni mara tano. Mwalimu agonge sakafu kwa vidole, taratibu zaidi kila mara, hadi mvua ikatike.) Kobe akatoa pua. Akatoa macho. Akatoa shingo nzima. Kilima kilikuwa pale pale, naye akaendelea na safari.

Asiyeweza kufikisha paji la uso chini aliweke juu ya ngumi zake mbili. Watoto wakishakaa, waulize: mlihisi pumzi inakwenda wapi? Wengi husema tumboni, wachache mgongoni. Yote ni kweli. Mtoto mmoja huenda akauliza kama gamba la kobe nalo hupanda na kushuka. La, halipandi, kwa kuwa limeungana na mbavu na uti wake wa mgongo. Ndiyo sababu pia kobe hawezi kulivua akatoka nje. Mgongo wetu sisi unapanda, na mwenzako anaweza kuuona.

Kipindi cha 2: Paka aliyeamka

Hiki ni kifupi. Anzeni na kobe, pumzi tatu, kisha muwe kwa miguu minne, viganja chini ya mabega na magoti chini ya nyonga.

Paka alilala jua likiwa upande huu, akaamka jua likiwa upande ule. Akashusha pumzi ndefu, akainua mgongo juu, kidevu kikaenda kifuani. Akavuta pumzi, mgongo ukashuka, kifua kikafunguka, macho yakatazama mbele. (Mara sita. Mgongo uifuate pumzi, si pumzi kuufuata mgongo.) Kisha akanyoosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande wa pili mbele, akanusa hewa. (Pumzi mbili kila upande. Anayeyumba aache vidole vya mguu viguse chini.)

Angalia shingo: watoto hupenda kurusha kichwa nyuma. Sema "tazama mbele," usiseme "tazama juu."

Vipindi vya 3 na 4: Heroe katika upepo

Hapa ndipo moyo wa moduli ulipo, tumieni vipindi viwili bila haraka. Cha kwanza fanyieni karibu na ukuta, mkono mmoja ukiugusa. Cha pili sogeeni hatua mbili kutoka ukutani, ila anayetaka kubaki abaki. Heroe ni ndege mrefu wa waridi anayeishi kwenye maji ya kina kifupi, na anaweza hata kusinzia akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Waeleze hivyo kwanza, uone macho yao.

Paukwa! (Pakawa!)

Kando ya ziwa kubwa heroe mdogo alisimama na mama yake. Mama alikuwa na mguu mmoja ndani ya maji na mwingine umefichwa kwenye manyoya. Heroe mdogo akainua wake. (Wainue kisigino tu, vidole viguse chini.) Akatazama maji. Maji yakacheza, naye akacheza nayo: huku, kule, chubwi! Mguu ukarudi majini.

"Mama, mguu wangu ni mbovu."

"Mguu wako ni mzima, mwanangu. Umetazama kitu kinachotembea. Tafuta kisichotembea."

Akatafuta. Mawimbi yalitembea, mawingu yalitembea, majani yalitembea. Ng'ambo ya maji akaliona jiwe. (Kila mtoto achague karatasi nyekundu moja.) Akalitazama jiwe, akainua mguu. (Unyayo ukae kwenye kifundo au shavu la mguu wa pili, kamwe usikandamizwe kwenye goti. Mikono ifunguke pembeni.)

Upepo wa kwanza ukaja. (Vuta, shusha.) Manyoya yakatikisika, heroe akabaki. Upepo wa pili ukaja. (Vuta, shusha.) Akayumba, akagusa maji kwa ncha ya kidole, akainua tena. Upepo wa tatu ukaja. (Vuta, shusha.) Ukapita zake. Mama akasema, "Sasa badili mguu, na huo nao ujifunze."

Usiruke ule mguso wa ncha ya kidole. Umewekwa katika hadithi makusudi: mtoto anayeshusha mguu bado yumo ndani ya hadithi, hajashindwa wala hajatolewa. Nyayo zao zitatetemeka. Hiyo ni misuli midogo ikirekebisha mwili kila mara, kwa hiyo usimwambie mtoto aache kutetemeka.

Mwishoni mwa kipindi cha 4 jaribuni jambo moja: kila mtoto aguse ukuta kwa kiganja, ainue mguu, kisha afumbe macho kwa pumzi moja. Karibu wote wataona ugumu umeongezeka. Waulize kwa nini, na uwaache wagundue wenyewe kwamba macho yalikuwa yanafanya kazi.

Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, heroe hukaa: aegemeze uzito kwenye nyonga moja, ainue mkono wa upande wa pili, atazame karatasi yake kwa pumzi zile zile tatu.

Kipindi cha 5: Twiga mwenye kiu

Shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na yetu, ila kila mmoja ni mrefu sana. Hata hivyo kinywa chake hakifiki majini mpaka atanue miguu ya mbele au aikunje.

Twiga alifika mtoni. Akatazama kulia, hapana simba. Akatazama kushoto, hapana simba. (Geuzeni vichwa polepole.) Akatanua miguu, akashusha pumzi, akainama kidogo. (Magoti yalegee, mikono iteleze kwenye mapaja.) Akashusha pumzi nyingine, akainama zaidi. Pumzi ya tatu, akanywa. (Mikono ining'inie. Wasidundedunde ili kufika chini.) Kishindo! Kumbe ni chura. Twiga akainuka taratibu, mfupa mmoja baada ya mwingine, kichwa kikawa cha mwisho.

Kuinuka taratibu huzuia kizunguzungu. Akiinuka mtoto kwa ghafla, rudieni pamoja.

Kipindi cha 6: Chura na kipepeo

Chura huchuchumaa, huruka mara moja, hutua kwa vidole kisha visigino, magoti yakikunjika, na husikiliza pumzi mbili kabla ya kuruka tena. Miruko mitano inatosha. Kazi ni ule utuaji usio na sauti. Kisha wakae, nyayo zikutane, magoti yafunguke pembeni, mgongo wima. Kipepeo hukauka mbawa baada ya kutoka kwenye kifuko chake, hivyo hazichezeshi kwa nguvu. Pumzi tano.

Vipindi vya 7 na 8: Safari ya kwenda mtoni

Kipindi cha 7, mwalimu aunge hadithi zote: paka anaamka, kobe anakutana na mvua, chura anaruka, twiga anakunywa, heroe anasimama kwenye upepo. Kipindi cha 8 ni cha watoto. Wagawanyike makundi ya sita sita, kila kundi lichague wanyama watatu na kutunga safari yao. Masharti ni mawili: awepo mnyama mmoja anayesimama kwa mguu mmoja, na kila mnyama apumue angalau mara mbili. Mmoja asimulie, wengine wafanye.

Wakati wanaonyesha, andika kwenye daftari mambo matatu kwa kila mtoto: je, anapumua akiwa kwenye mkao au amebana, je, anachagua mahali pa kutazama bila kuambiwa, je, akiyumba anarudi au anaacha. Linganisha na ulichokiona kipindi cha 3. Usiwape alama za namba. Mtoto aliyeanza akishika ukuta kwa mikono miwili na sasa anaugusa kwa kidole, andika hivyo hivyo, kisha mwambie yeye mwenyewe kabla hajavaa viatu.