Permutesheni na kombinesheni: ukibadilisha nafasi, kuna kinachobadilika?

Haya vijana wa Fom Siksi, nimeshasahihisha zoezi la Jumatano na nawaambia ukweli tatizo sio fomula, fomula mnazo, tena wengine mmeziandika hadi pembeni ya karatasi kama hirizi. Tatizo mnachagua fomula kabla hamjasoma stori. Mtu anaona neno "chagua" anakimbilia nCr, akiona "panga" anakimbilia nPr, afu anabonyeza kalkuleta anapata namba kubwa nzuuri, imekosea.

Fomula zenyewe hizi hapa tumalizane nazo:

nPr = n!/(n-r)!
nCr = n!/(r!(n-r)!)

Angalia, zimetofautiana kitu kimoja tu, hiyo r! ya chini. Kazi yake ni kufuta marudio. Yaani permutesheni imehesabu Asha-Neema-Juma, Juma-Neema-Asha, Neema-Asha-Juma na wenzao kuwa majibu sita tofauti, kombinesheni inasema hao ni walewale watatu bana, gawanya kwa 3! ambayo ni 6. Basi. Kwahiyo swali la kujiuliza ni moja, je kwenye hii stori hao sita ni tofauti au ni walewale?

Na njia ya kujua sio kuwaza hewani. Andika jibu moja halisi, kwa majina kabisa, afu wabadilishe wawili nafasi, halafu soma tena. Kama kuna mtu kwenye stori atalalamika au ataona tofauti, mpangilio una maana. Kama hamna anayeshtuka, hauna. Nyie wenyewe mko PCM, hamna mtu aliwahi kuwaambia nyie ni MCP mhamie darasa lingine, si ndio? Masomo matatu yaleyale, kombi ileile. Kuchagua masomo 3 kati ya 8 bila masharti ni 8C3 = 56, sio 336.

Sasa twende kwenye lile swali la kikoba lililowaua.

Kikoba kina wanachama 12. Sehemu (a), wachaguliwe mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Andika jibu moja: Asha mwenyekiti, Neema katibu, Juma mweka hazina. Badilisha Neema na Juma. Sasa hela anazo Neema! Mnaona kikoba kizima kitanyamaza hapo? Hawatanyamaza. Mpangilio una maana, 12P3 = 12 × 11 × 10 = 1320.

Sehemu (b), wachaguliwe watatu waende benki kufungua akaunti. Asha, Neema, Juma. Badilisha, Juma, Neema, Asha. Wamepanda daladala ileile wamefika benki ileile, hamna kilichobadilika. 12C3 = 220. Na ukichukua 1320 ukagawanya kwa 6 unapata 220, hiyo ndo r! inafanya kazi yake.

Sehemu (c) ndo ilileta msiba: mwenyekiti mmoja na wajumbe wawili wa kawaida. Nusu ya darasa 1320, nusu 220, na kila upande unajiamini. Fanyeni jaribio. Asha mwenyekiti, Neema na Juma wajumbe. Badilisha Neema na Juma, hamna kitu, wote wajumbe. Badilisha Asha na Neema, eeh, mwenyekiti kabadilika. Yaani mpangilio una maana nusunusu, na hilo ni jibu halali kabisa, hamna sheria inayosema swali lazima liwe permutesheni tupu au kombinesheni tupu. Likatwe vipande: mwenyekiti njia 12, wamebaki 11, wajumbe wawili 11C2 = 55. Jumla 12 × 55 = 660. Ukitaka kuhakiki, 1320 gawanya kwa 2, manake ni wajumbe wawili tu ndo wanaweza kubadilishana bila mtu kushtuka, 2! = 2. Imekubali. Mimi hili swali nalipenda kuliko yote manake aliyekariri hawezi kupita.

Mpira sasa, najua hapa mtaamka. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila timu inakutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini. Mechi ngapi msimu mzima? Andika mechi moja: Simba na Yanga, Simba mwenyeji. Geuza, Yanga mwenyeji. Ni mechi nyingine, tarehe nyingine, pointi nyingine. Kwahiyo 16P2 = 16 × 15 = 240. Haya AFCON, kundi lina timu 4 na wanakutana mara moja tu. Ile ya Ivory Coast Tanzania tulikuwa na Moroko, Zambia na Kongo. Tanzania na Zambia ukigeuza ukasema Zambia na Tanzania, mechi ileile. 4C2 = 6 kwa kundi, makundi yalikuwa 6, jumla mechi 36 za makundi. Afu mje Klabu Bingwa Afrika, kundi lina timu 4 vilevile lakini nyumbani na ugenini, 4P2 = 12. Timu nne hapa, timu nne kule, jibu moja 6 na lingine 12, namba za kwenye swali hazijakwambia chochote, stori ndo imekwambia.

Ndo maana nasema maneno yasiwadanganye. "Mwalimu anachagua wanafunzi 3 kati ya 10 awape zawadi ya kwanza, ya pili na ya tatu." Neno ni chagua, ila wa kwanza akibadilishana na wa tatu ugomvi, kwahiyo 10P3 = 720. "Mwalimu anachagua wanafunzi 3 kati ya 10 awape kila mmoja daftari, madaftari yanafanana." 10C3 = 120. Neno lilelile.

Na kinyume chake: "panga wanafunzi 6 kwenye magrupu mawili ya watatu watatu." Wengi mliandika 6C3 = 20. Hapo inategemea. Kama grupu moja linaenda maabara ya fizikia na lingine ya kemia, sawa 20, manake magrupu yakibadilishana watu wanajikuta maabara nyingine. Kama ni magrupu tu ya kujadili, hayana jina, ukichagua Asha, Neema, Juma umewaacha Rehema, Ali, Baraka, na ukichagua Rehema, Ali, Baraka umewaacha kina Asha, magawanyo ni yaleyale umeyahesabu mara mbili. Gawanya kwa 2, jibu 10. Kwahiyo jaribio la kubadilisha lifanyeni na kwa magrupu pia, sio kwa watu tu.

Kuna jambo la kurudiarudia nalipitia haraka. PIN ya simu ina tarakimu 4. 1234 na 4321 ni tofauti, jaribu utaona, kwahiyo mpangilio una maana. Lakini sio 10P4 = 5040! nPr inachukulia kitu kikishatumika hakirudi, wakati PIN inaruhusu 2255. Kila nafasi ina njia 10, jumla 10 × 10 × 10 × 10 = 10000. Ukishajua mpangilio una maana, uliza na la pili, kinarudi au hakirudi.

Herufi nazo. DODOMA herufi 6, ungekimbilia 6! = 720. Ila D ziko mbili na O mbili, ukibadilisha D na D mwenzake neno halijatikisika. Gawanya kwa 2! ya D, gawanya kwa 2! ya O, 720/4 = 180. KILIMANJARO ina herufi 11, I mbili, A mbili, 11!/4 = 9979200. Mantiki ileile ya wajumbe wa kikoba, wasiotofautishika unawagawanya.

Nimalizie na la "angalau", manake hapa mpangilio unajificha na hata wakali wanaanguka. Kikoba chetu kina wanawake 7 na wanaume 5. Ichaguliwe kamati ya watu 4 yenye angalau wanawake 2. Karatasi nyingi ziliandika: nachagua wanawake 2, 7C2 = 21, wamebaki watu 10, nachagua 2 wowote, 10C2 = 45, jumla 945. Inaonekana safi kabisa eeh? Ila kamati zote za watu 4 kati ya 12, bila sharti lolote, ni 12C4 = 495. Umewekewa sharti afu kamati zimeongezeka?

Kosa liko hapa, chukua kamati ya Asha, Neema, Rehema na Juma. Kwa njia yako unaweza kuanza na Asha na Neema halafu ukawaongeza Rehema na Juma. Au uanze na Asha na Rehema. Au Neema na Rehema. Kamati moja imehesabiwa mara 3, kwasababu umewagawa wanawake kwenye "waliotangulia" na "walioongezwa" wakati stori haijui kitu kama hicho. Umeingiza mpangilio kinyemela. Kamati ya wanawake wanne ndo kabisa imehesabiwa mara 6. Fanya kwa vipande visivyoingiliana:

Wanawake 2 na wanaume 2: 7C2 × 5C2 = 21 × 10 = 210
Wanawake 3 na mwanaume 1: 7C3 × 5C1 = 35 × 5 = 175
Wanawake 4: 7C4 = 35
Jumla 420

Na kwa wabishi: 210 × 1 + 175 × 3 + 35 × 6 = 945, lile jibu lenu limetokea humohumo.

Zoezi la kesho kutwa. Kabla ya hesabu kwenye kila swali andika sentensi moja, "nikibadilisha fulani na fulani, kinabadilika hiki" au "hakibadiliki kitu". Bila hiyo sentensi maksi sitoi hata jibu likiwa sahihi.

1. Watu 9 kwenye kikao wanapeana mikono, kila mtu na kila mwenzake mara moja. Mara ngapi? Halafu usiku kila mmoja anamtumia kila mwenzake meseji moja, meseji ngapi? (36 na 72, msije mkaniambia ni sawa.)

2. Herufi za SHINYANGA zinapangika kwa njia ngapi? (90720)

3. Watu 6 wanasimama mstari mmoja kupiga picha ya harusi, bwana na bibi harusi lazima wawe pamoja. (240. Wafungeni kama mtu mmoja kwanza, ila msisahau wao wawili wanaweza kubadilishana kushoto na kulia.)

4. Kikoba cha watu 12 kinachagua mwenyekiti, katibu na wajumbe 3 wa kawaida. Hili jibu siwapi, leteni na kazi yote, na atakayeandika 12P5 au 12C5 atasimama ubaoni atueleze wajumbe wake wakibadilishana kunatokea nini.