Barua kwa Mzee Maganga

Sikonge,
14 Juni 2025

Shikamoo Mzee Maganga,

Mwangaluka, na poleni na baridi hii ya asubuhi. Natumaini Mama anaendelea vizuri na goti lake, na wajukuu hawajambo.

Kazi nimepata. Najua habari imekufikia kabla ya barua hii, maana mama yangu hawezi kukaa na jambo hadi jioni, lakini nilitaka uisikie kutoka kwangu. Tarehe 2 mwezi huu nilisaini mkataba katika kiwanda kidogo cha kuchakata asali hapa Sikonge. Mimi ni msaidizi wa udhibiti ubora. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio, kisha wataangalia. Nimepanga chumba karibu na barabara ya Mbeya. Malori yananiamsha saa kumi alfajiri, kwa hiyo kuchelewa kazini sina kisingizio.

Mzee, kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka jana, nilipokuja kwako Isevya na bahasha ya vyeti, sikuja kujifunza. Nilikuja unipigie simu ya kuniombea kazi. Nilishamaliza chuo Morogoro, nilishazunguka na sivii mpaka soli ya kiatu ikaachia, na sehemu moja jamaa aliniuliza waziwazi nimekuja na nini mkononi. Kila mtu mjini anasema Mzee Maganga anafahamiana na watu wote wa nyuki kuanzia Urambo mpaka huku. Nikajua shida yangu imekwisha. Ukasoma vyeti vyote, ukavirudisha kwenye bahasha kwa mpangilio wake, ukasema: "Nikikupigia simu leo, kesho watanipigia mimi wakuseme. Njoo Jumatatu na viatu vya kufunika."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilimwambia mama kwamba yule mzee ana roho mbaya. Nisamehe.

Ile Jumatatu ikawa miezi saba. Kubeba ndoo, kuchuja, kuosha vitambaa vya nta kwa maji ya moto, kukaa na warina asali wakitoka porini wakiwa wamevimba nyuso na kuwasikiliza wakisimulia mizinga iliyo kwenye mitundu na ile iliyo kwenye miyombo. Na lile daftari la kaunta ulilonilazimisha kuandika kila ndoo: imetoka kwa nani, pori gani, siku gani, maji asilimia ngapi. Nikiandika "asali nzuri" unakata kwa kalamu nyekundu. "Nzuri ni ya mwenye duka. Wewe niandikie namba." Na kila wingu likitanda ulikuwa unapiga kelele toka kibarazani, "Kabula, mbali na ndoo! Asali haitaki mvua!" Vijana wakacheka, kwa kuwa jina langu ni la mtoto wa mvua, na mimi nikafunika ndoo mbio, maana kweli ndoo ikiachwa wazi masika inavuta unyevu wenyewe kutoka hewani.

Sasa nikusimulie usaili, kwa sababu najua hicho ndicho unachokitaka kuliko shukrani.

Tulikuwa watu 9. Walioniuliza ni watatu, na maswali ya mwanzo yalikuwa yale yale ya kujieleza. Halafu yule mama wa katikati akasogeza vichupa vitatu na rifraktomita, akasema pima, utuambie ipi tupokee na ipi turudishe. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikafuta kioo, nikaangalia kama chombo chenyewe kiko sawa kwa mafuta yake ya kupimia, nikaweka tone, nikafunga kifuniko, nikakaa kimya. Yule bwana wa kushoto akasema, "Mbona husomi?" Nikamjibu kwamba nasubiri tone lifikie joto la kioo, nikisoma sasa hivi namba itanidanganya. Mzee, nilijisikia nikiongea kwa sauti yako, hata ile kukohoa kidogo kabla ya jibu.

Cha kwanza kilisoma maji asilimia 17.5, hakina neno. Cha pili 21, kimevuka ile 20 ya kiwango. Nikanusa, nikaona povu jembamba juu, nikasema hii imerinwa kabla nyuki hawajafunika masega, na imeshaanza kuchacha. Cha tatu kilisoma 26. Mwenzangu aliyetoka kabla yangu nilimsikia nje akisema hicho alikikataa moja kwa moja, kimetiwa maji. Mimi nikaonja. Ikaja ile ukakasi, uchachu kama wa ndimu, nikakumbuka siku uliyonipa kijiko cha asali ya nyuki wadogo pale chini ya mwembe, pamoja na matobolwa, ukaniambia nisiwahi kumwita mtu mwizi kabla sijaonja. Nikasema: hii si ya kurudishwa wala si ya kuchanganya na zile nyingine, hii ni ya nyuki wadogo, maji yake huwa mengi kwa asili, iwekwe peke yake na iandikwe jina lake. Yule mama hakusema kitu. Aliandika tu.

Wakaniuliza pia mteja akirudisha asali iliyoganda akidai tumeweka sukari. Hilo nilijibu huku natabasamu, kwa sababu nyumbani kwako limekuja mara ngapi? Nikaeleza kwamba kuganda ni tabia ya asali, na dawa yake ni kuiweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu ambayo mkono unavumilia, si kuibandika jikoni ikaungua ladha na faida zake.

Swali la mashine ya kujaza chupa sikulijua. Nikasema sijui, sijawahi kuishika, nitajifunza. Kisha nikatoa daftari la kaunta kwenye mkoba na kuliweka mezani. Wamelipekua dakika kama kumi, likiwa na michirizi yako myekundu. Vyeti walivitazama mwishoni.

Mshahara wa kwanza bado, lakini niliomba sehemu kidogo mapema. Kwenye kifurushi kuna kitenge cha Mama, na elfu 15 ile uliyonipa ya nauli na kupiga picha za pasipoti. Usiirudishe. Ulisema ni mkopo na mimi nimeiandika kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, kwa tarehe.

Rifraktomita yako ndogo bado ninayo. Sijaithubutu kumpa kondakta wa basi, utaniua. Nitaileta mwenyewe Jumamosi ya tarehe 28. Kutoka hapa ni kilomita kama 70 tu, saa tano nitakuwa nimefika. Na nina shida moja ya kuuliza: kuna mrinaji mmoja mzee, ndoo zake zinasoma 19 na nusu kila mara, hazizidi wala hazipungui, na zina harufu ya moshi mzito. Nahisi kuna kitu anachofanya na majani anayochomea, lakini sitaki kumkosea heshima kwa kumhoji kama askari. Nitakuja na kichupa chake uonje.

Mwambie Mama asipike wali kwa ajili yangu. Matobolwa na karanga yanatosha.

Mtoto wako,
Kabula