Ombi la mchango wa kuezeka na kumalizia madarasa ya Shule Shikizi Mkuyuni

CHAMA CHA MAENDELEO MKUYUNI
Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma
12 Agosti 2025

Ndugu, jamaa na marafiki wa Mkuyuni,
Popote mlipo.

YAH: OMBI LA MCHANGO WA KUEZEKA NA KUMALIZIA MADARASA MAWILI

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na majukumu.

Boma la madarasa mawili na ofisi ya walimu limesimama. Linta imefungwa na kuta zimefika usawa wa kupaua. Tulichobakiwa nacho mkononi ni shilingi 6,200,000, na paa peke yake linahitaji shilingi 10,000,000. Tunaomba mtusaidie kupata shilingi 3,800,000 zilizopungua kabla ya tarehe 31 Oktoba, na baada ya hapo tuendelee pamoja mpaka jengo likamilike. Barua hii inaeleza kwa nini tumeweka tarehe hiyo, fedha zitatumikaje, na nani atazisimamia.

Kwa ambao hawajafika kwetu, Mkuyuni ni kitongoji chenye kaya 212. Watu wanalima uwele, mtama na alizeti, na wengi wanafuga. Shule mama iko kilomita 8 kutoka hapa, na katikati yake kuna korongo. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu, mbuzi wanavuka wakichezacheza. Mvua zikianza Desemba, linajaa ndani ya saa chache kwa maji yaliyonyesha mbali, hata kama kwetu jua linawaka. Na kwa kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, inaangukia palepale ambapo muhula wa kwanza unaanza. Mtoto wa miaka saba aliyeandikishwa Januari anaanza masomo wakati njia ya shule haipitiki. Wengine walikuwa wanakaa nyumbani hadi Machi, na wakirudi wanakuta wenzao wameshajua kusoma. Wapo waliokata tamaa hapohapo, wakashika fimbo ya kuchungia.

Ndiyo maana mwaka 2022 wazazi walianzisha shule shikizi. Leo ina watoto 131, wa awali hadi darasa la tatu. Darasa la awali linakaa chini ya mkuyu. Madarasa mengine yanapokezana chumba kimoja cha miti na udongo kilichoezekwa nyasi: la kwanza asubuhi, la pili na la tatu mchana, ubao mmoja. Mwalimu mmoja analetwa na shule mama, na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wanajitolea kwa posho ya wazazi. Upepo wa Julai na Agosti, mnaoufahamu waliokulia Dodoma, unapuliza vumbi hadi mwalimu anageukia ubaoni na kuandika kwa kukisia. Halmashauri imetueleza wazi kwamba shule haiwezi kusajiliwa na kujitegemea mpaka iwe na madarasa na vyoo vya kueleweka. Ikisajiliwa, italetewa walimu na fedha za uendeshaji kama shule nyingine.

Tunajua swali linalofuata, maana tunaulizwa kila tunapofika mjini: serikali iko wapi? Acha tulijibu kwa haki. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipotolewa bila ada, watoto walifurika shuleni kila mahali na madarasa yakazidiwa nchi nzima. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021/22 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Sisi wakati huo hatukuwa na shule shikizi hata ya jina. Utaratibu uliozoeleka sasa ni kwamba wananchi wanyanyue boma, kisha halmashauri isaidie kumalizia kadiri bajeti inavyoruhusu. Boma letu limeombewa. Liko kwenye foleni pamoja na maboma mengine ya wilaya, na hakuna aliyetuahidi kwamba zamu yetu itafika kabla ya mvua. Mhandisi wa wilaya ametupa ramani, amekagua msingi na linta, na hilo limetusaidia sana, kwa sababu jengo lisilofuata ramani halipokelewi hata likiwa zuri.

Mwaka huu pia ni wa uchaguzi. Kamati imekubaliana kwamba mchango wa mgombea yeyote utapokelewa ofisini, kwa risiti, kama wa mtu mwingine. Hatutapokea bati jukwaani.

Sasa kuhusu wanakijiji, maana hatuji kwenu mikono mitupu. Kila kaya ilitoa matofali 70 ya kuchoma na debe moja la alizeti, wajane na wazee wakisamehewa. Vijana walichimba msingi na kusomba mawe. Kina mama walibeba maji ya ujenzi kutoka kisimani alfajiri kabla foleni ya ng'ombe haijaanza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika pale. Mchanga tunauchota korongoni bure. Alizeti iliuzwa, na pamoja na michango ya wana-Mkuyuni walioko Dodoma mjini, Arusha na Dar es Salaam, ikanunua saruji, nondo na kokoto za msingi, jamvi la chini na linta. Hapo ndipo nguvu ya kijiji ilipofika. Bati na mbao hazichimbwi korongoni.

Kwa nini Oktoba? Kuna sababu tatu, na zote zinatoka kwenye mvua hiyohiyo. Kwanza, ili kubana matumizi, tofali za juu ya linta zilijengwa kwa udongo badala ya saruji. Ukuta wa namna hiyo ukiwa chini ya paa unadumu miaka. Ukinyeshewa msimu mzima bila paa, udongo unayeyuka kwenye viungo na tofali zinaanza kuachia. Tumeona boma la zahanati katika kijiji jirani lilivyobaki magofu kwa sababu hiyo, na sasa wananchi wake ukiwaitia mchango wanakuangalia tu. Pili, lori la mbao na bati kutoka Dodoma linatembea vizuri kwenye lami ya barabara ya Kondoa, lakini likichepuka kuja kwetu lazima livuke korongo. Baada ya mvua ya kwanza hakuna dereva atakayekubali. Tatu, Novemba watu wanaandaa mashamba. Fundi atapatikana kwa fedha, lakini wasaidizi wa kujitolea watakuwa na majembe, na huwezi kumlaumu mtu anayelimia chakula cha mwaka mzima.

Hesabu ya paa ni hii. Bati za geji 28 ni 140, kila moja shilingi 33,000, jumla 4,620,000. Mbao za kenchi na papi zilizotiwa dawa, misumari na kofia, pamoja na usafiri, ni 3,880,000. Ufundi ni 1,500,000. Hapo ndipo 10,000,000 inapotimia.

Baada ya paa, kazi zilizobaki tunaweza kuzifanya hata kipindi cha mvua, mradi saruji iwe imefika mapema na kuhifadhiwa humo ndani. Sakafu na plasta vinahitaji mifuko 180 kwa shilingi 18,000, yaani 3,240,000, na ufundi 2,130,000. Milango mitatu na madirisha manane yenye grili ni 2,430,000. Madawati 30, kila moja likikaliwa na watoto watatu, ni 2,250,000. Simtanki na mifereji ya kuvuna maji ya paa ni 1,350,000, na wale waliobeba maji wakati wa ujenzi wameomba kipengele hiki kisikatwe hata fedha zikipungua. Vyoo vya matundu sita, manne ya wasichana na mawili ya wavulana pamoja na sehemu yao ya haja ndogo, ni 6,600,000. Wengine watashangaa kuona vyoo vinagharimu kuliko madawati na milango kwa pamoja. Udongo wetu ni wa kichanga, shimo lisilojengewa linaporomoka, na hatutaki kuweka watoto juu ya shimo la namna hiyo.

Jumla ya mradi kuanzia hapa tulipo ni shilingi 28,000,000. Ukitoa 6,200,000 zilizopo, tunatafuta 21,800,000. Dari na rangi hatukuviweka. Vitasubiri.

Unaweza kuchangia bati moja kwa shilingi 33,000, mfuko wa saruji kwa 18,000 au dawati kwa 75,000. Familia au kikundi mnaweza kubeba dirisha, mlango, au tundu zima la choo kwa 1,100,000. Mwenye elfu tano asione haya. Jina lake litaandikwa kwenye daftari lilelile. Tunafahamu kadi za harusi zimejaa mezani kwenu msimu huu, na hatusemi mwache kuchangia harusi. Ukiwa na duka la vifaa mjini na unapenda kutoa vifaa badala ya fedha, tupigie kwanza, ili geji na vipimo vilingane na ramani na lori libebe kila kitu kwa safari moja.

Namba ya akaunti ya chama na namba ya kulipia kwa simu vipo kwenye kadi ya mchango iliyoambatanishwa, yenye muhuri wa chama. Tafadhali usitume fedha kwa namba ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni mimi. Akaunti ina watia sahihi watatu: mweka hazina wa chama, mwakilishi wa kamati ya shule, ambaye ni mama mwenye watoto wawili pale, na mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji. Fedha haitoki bila sahihi zote. Kila mchango utapewa risiti. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na walio mbali watatumiwa nakala pamoja na picha za kila hatua. Ikitokea hatujafikisha fedha ya paa kufikia 31 Oktoba, tutanunua bati na mbao kwa kilichopo, tuezeke ofisi na chumba kimoja cha darasa, na tuwaeleze hivyo bila kuzunguka.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba kutakuwa na siku ya kazi. Gari litaondoka stendi ya Dodoma saa 12 asubuhi na kurudi jioni, nauli kila mtu ajilipie. Chakula cha mchana kipo: ugali wa uwele na mlenda, na kama wafugaji watatimiza walichosema mkutanoni, mbuzi wawili. Anayekuja athibitishe kwa mweka hazina kufikia tarehe 15, namba iko nyuma ya kadi. Mje na viatu vya kazi.

Wenu katika ujenzi,

Mwenyekiti,
Chama cha Maendeleo Mkuyuni

Nakala:
Ofisa Mtendaji wa Kijiji
Mwalimu Mkuu, shule mama
Mwenyekiti, Kamati ya Shule Shikizi Mkuyuni